Hisabati ya 27, Kiswahili cha 72: Ni Somo Lipi Linaloyumba?

Mwalimu wa darasa aliweka kidole kwenye safu ya mwisho ya ripoti, ile iliyoandikwa "Uthabiti", akakishusha hadi mstari wa Hisabati.

"Mama, shida iko hapa," akaniambia. "Kiswahili ametulia. Hisabati anayumba, tena anayumba mara mbili ya Kiswahili."

Ilikuwa siku ya wazazi katika shule moja ya upili iliyo kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Maseno. Nilikuwa nimekwenda kwa niaba ya dada yangu, ambaye siku hiyo hakupata ruhusa kazini. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameketi kati yetu akiwa kimya tangu mwanzo. Hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Lakini Mama Mdogo, hesabu mimi hupata zilezile tu. Ishirini na kitu, ishirini na kitu."

Mwalimu akacheka. Mimi pia. Kisha nikaitazama safu ile vizuri. Kiswahili 8.2, Hisabati 16.1. Masomo yalikuwa yamepangwa kuanzia lililotulia zaidi: Jiografia la kwanza, Kiswahili la pili, Hisabati la nane kati ya manane.

Tarakimu hizo nilizitambua mara moja. Ni mgawo wa mtawanyiko, ule ambao vitabu huuandika kwa kifupi CV. Huwafundisha wanafunzi wangu wa uhasibu chuoni kila mwaka, na nilipokokotoa pale pale kwa simu nikakuta mwalimu hajakosea hata desimali.

Na mtoto naye alikuwa anasema kweli.

Nilitoka pale na hilo kichwani, na limekaa humo kwa wiki kadhaa.

## Mitihani sita

Hizi hapa alama zake za mihula miwili iliyopita, zote zikiwa kwa mia:

Kiswahili: 72, 66, 78, 70, 80, 66. Wastani ni 72.

Hisabati: 24, 30, 28, 20, 32, 28. Wastani ni 27.

Zisome kwanza kwa macho, bila fomula. Kiswahili kimepanda hadi 80 na kushuka hadi 66, tofauti ya alama 14. Hisabati imepanda hadi 32 na kushuka hadi 20, tofauti ya 12. Mtu yeyote aliyekaa sokoni Kibuye ukimpa karatasi hii atakwambia Hisabati ndiyo iliyotulia, angalau kwa kiasi kidogo.

Mkengeuko sanifu unakubaliana naye. Kwa Kiswahili, ukichukua umbali wa kila alama kutoka 72, ukauzidisha kwa wenyewe, ukajumlisha, unapata 176. Gawa kwa tano, yaani idadi ya mitihani ukitoa mmoja, upate 35.2, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ni 5.93. Kwa Hisabati jumla ni 94, na safari hiyohiyo inaishia kwenye 4.34.

Kwa hiyo alama zake za Kiswahili hutoka kwenye wastani kwa karibu alama sita, na za Hisabati kwa zaidi kidogo ya nne.

Sasa weka mgawo. Unagawa mkengeuko sanifu kwa wastani, kisha unazidisha kwa mia. Kwenye jedwali la kompyuta, alama zikiwa seli B2 hadi G2, ni mstari mmoja:

```
=STDEV.S(B2:G2)/AVERAGE(B2:G2)*100
```

Kiswahili: 5.93 kwa 72, sawa na asilimia 8.2. Hisabati: 4.34 kwa 27, sawa na asilimia 16.1.

Mpangilio umegeuka. Somo lililoyumba kidogo kuliko mwenzake kwa alama limekuwa ndilo linaloyumba mara mbili yake.

## Kwa nini tunagawa kwa wastani

Nisije nikaonekana ninaudharau mgawo huu. Una kazi yake, na ni kazi ya maana.

Chukua wauza omena wawili. Mmoja huuza wastani wa shilingi 1,000 kwa siku, mwenzake shilingi 10,000, na mauzo ya kila mmoja hupanda na kushuka kwa shilingi 400 hivi. Mkengeuko ni uleule, lakini hali zao hazifanani. Kwa wa kwanza, siku mbaya humnyang'anya karibu nusu ya mapato. Kwa wa pili ni jambo la kusahau kabla ya jioni. Mgawo unasema asilimia 40 kwa huyu na asilimia 4 kwa yule, na hapo umesema kitu ambacho mkengeuko peke yake haukusema.

Karl Pearson alipoupendekeza mwaka 1896 alikuwa anashughulikia vipimo vya miili ya watu, wanaume na wanawake, akitaka kujua ni upande upi una tofauti nyingi zaidi ndani yake. Vipimo vya wanaume vilikuwa vikubwa kwa jumla, kwa hiyo mikengeuko yao pia ilielekea kuwa mikubwa. Kugawa kwa wastani kuliondoa faida hiyo ya ukubwa.

Mantiki ya mwalimu wa darasa ilikuwa hiyohiyo. Wastani wa 72 na wa 27 umeachana mno, akaona si haki kulinganisha mikengeuko yao mitupu. Vitabu vya takwimu vinamuunga mkono karibu neno kwa neno: wastani zikitofautiana sana, tumia mgawo wa mtawanyiko.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku za kwanza. Nilikuwa nikijiuliza kama mtoto hakuzungumza tu kwa hisia, na fomula ikaona kile ambacho yeye hakukiona.

Jambo moja lililonisaidia ni kutenganisha mizani na wastani. Wengi hudhani mgawo unahitajika kwa sababu karatasi zina jumla tofauti: hii ya 40, ile ya 80. Kazi hiyo hufanywa na asilimia, na ilikuwa imeshafanyika kabla ya mtu kugusa mgawo. Alama zote mbili zilikuwa tayari kwa mia. Mgawo ulikwenda hatua moja zaidi: ukagawa kuyumba kwa mtoto kwa kile mtoto mwenyewe alichopata. Hatua hiyo ya pili inahitaji sababu yake.

## Hesabu kwa alama alizokosa

Jioni moja nilichukua kalamu nikafanya kitu cha kitoto. Badala ya alama alizopata, nikaandika alama alizokosa.

Aliyepata 72 amekosa 28. Aliyepata 66 amekosa 34. Ni habari ileile, imegeuzwa upande tu. Hakuna mtihani uliobadilika, wala hakuna mwanafunzi aliyetulia au kuyumba zaidi kwa sababu nimehesabu kutoka juu kushuka badala ya kutoka chini kupanda.

Kiswahili: wastani wa alama alizokosa ni 28. Mkengeuko sanifu ni 5.93, uleule, kwa kuwa umbali kati ya alama haujaguswa. Mgawo ni 5.93 kwa 28, sawa na asilimia 21.2.

Hisabati: wastani wa alama alizokosa ni 73. Mkengeuko ni 4.34. Mgawo ni asilimia 5.9.

Soma tena hizo mbili. Sasa Kiswahili ndicho kinachoyumba, tena zaidi ya mara tatu ya Hisabati.

Mtoto yuleyule, karatasi zilezile.

Niliinuka nikaenda kuchemsha chai, maana nilitaka kuwa na hakika kwamba sijadanganywa na uchovu. Nilirudi, nikahesabu upya, zikawa zilezile.

Kinachotokea si kigumu kukiona. Mkengeuko haukutikisika, lakini kigawanyo kimebadilika kutoka 27 hadi 73. Tofauti yote kati ya 8.2 na 16.1 kwenye ile ripoti inatoka kwenye wastani. Safu ya "Uthabiti" ilikuwa inarudia, kwa lugha nyingine, kwamba mtoto hupata alama chache Hisabati, jambo ambalo safu ya wastani ilikuwa imeshalisema.

Jiografia, ile ya kwanza kwenye orodha, inafundisha hapa. Alama zake ni 54, 50, 58, 52, 60, 50. Wastani 54, mkengeuko 4.20, mgawo asilimia 7.8. Igeuze kwa alama alizokosa na mgawo unakuwa asilimia 9.1. Haukusogea sana, kwa sababu 54 na 46 ni majirani. Kadiri wastani unavyokuwa karibu na nusu, ndivyo madhara ya kugeuza yanavyopungua, na kadiri unavyokimbilia juu au chini, ndivyo mgawo unavyokuwa mateka wa upande uliochagua kuhesabia. Kwa maneno mengine, mgawo hukuacha mkono pale pale ambapo vitabu hukwambia uutumie, pale wastani za masomo zinapoachana mno.

Muuza omena hana shida hii. Hakuna mtu anayehesabu shilingi ambazo hakuziuza kutoka kilele fulani, kwa sababu mauzo hayana kilele. Alama za mtihani zina sakafu na dari.

## Sifuri ya mtihani

Mgawo unadai sifuri iwe sifuri ya kweli, yaani hapana kabisa. Shilingi sifuri ni hapana. Kilo sifuri ni hapana. Sifuri ya mtihani ni mahali ambapo mtunzi wa maswali aliamua kuanzia.

Tuseme mwalimu wa Hisabati anaongeza swali moja jepesi la alama kumi ambalo kila mtu atalipata, na kila mwanafunzi anasukumwa juu kwa kumi. Wastani wa mpwa wangu unakuwa 37. Mkengeuko unabaki 4.34. Mgawo unashuka kutoka 16.1 hadi 11.7. Kwenye ripoti angesifiwa kwa kutulia, na aliyefanya kazi ni mtunzi wa swali jepesi.

Mtihani wa kuchagua majibu unaonyesha jambo hili wazi zaidi. Hisabati ya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na maswali 50 yenye majibu manne kila moja. Mtoto aliyefumba macho na kuweka alama ovyo angetarajiwa kupata karibu robo. Hapo asiyejua kitu ameketi karibu na 25, na kugawa kwa wastani uliohesabiwa kutoka sifuri ni kugawa kwa kitu ambacho sehemu yake ni bahati.

Na ukijaribu kuupima mgawo kwa pointi za gredi, zile za 1 hadi 12, mambo yanaharibika zaidi. E ni pointi 1, lakini ingeweza kuwa 0, na uamuzi huo mdogo ungegeuza kila mgawo wa wanafunzi wa chini.

Nipite haraka kwenye tego jingine linaloonekana kwenye ripoti nyingi. Mwanafunzi asiyefanya mtihani akijazwa 0 badala ya kuachiwa seli tupu, mgawo hulipuka. Badilisha 28 ya mwisho ya Hisabati iwe 0: wastani unashuka hadi 22.3, mkengeuko unaruka hadi 11.8, na mgawo unakuwa karibu asilimia 53. Ukiona mgawo wa aina hiyo kati ya wenzake wa asilimia 10 na 15, usianze kumshauri mtoto. Tafuta sifuri.

## Sita ni chache

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza. Mgawo haufai hapa, turudi kwenye mkengeuko sanifu: Hisabati 4.34, Kiswahili 5.93, basi Hisabati ndiyo imetulia na mtoto ameshinda kesi.

Ila hakimu mwenyewe alikuwa na mitihani sita tu.

Mkengeuko unaokokotolewa kwa vipimo sita ni kitu cha kuyumba sana chenyewe. Ukitumia njia ya kawaida ya kukadiria mipaka kwa uhakika wa asilimia 95, unazidisha ulichopata kwa 0.62 kupata mpaka wa chini, na kwa 2.45 kupata wa juu. Kwa Hisabati, mkengeuko wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 2.7 na 10.6. Kwa Kiswahili, popote kati ya 3.7 na 14.5. Mipaka hiyo inalaliana kwa sehemu kubwa.

Kipimo rasmi kinasema vilevile. Gawa 35.2 kwa 18.8, yaani mkengeuko wa Kiswahili ukijizidisha wenyewe, kwa ule wa Hisabati. Unapata 1.87. Kwa mitihani sita upande huu na sita upande ule, uwiano huo ungehitaji kupita 7.15 ndipo useme tofauti si bahati nasibu.

Kwa hiyo kwa alama hizi peke yake, mwalimu hakuwa na haki ya kusema Hisabati inayumba zaidi, na mimi sina haki ya kusema Kiswahili.

Hilo liliniudhi kwa muda. Mtu hatumii wiki zote hizo ili aambiwe "haijulikani".

## Mtihani wenyewe ukiyumba

Kilichonitoa hapo ni ile 20.

Mtihani wa nne wa Hisabati, wa kufungua muhula, ndio ulioleta alama yake ya chini kabisa. Nilimuuliza mpwa wangu kulikoni. "Mama Mdogo, ule uliangusha kila mtu. Hata wale vigogo wa darasa."

Nikampigia mwalimu wa darasa simu, nikamwomba wastani wa mkondo wao kwa kila mtihani. Majina ya watoto wengine sikuyahitaji. Alinitumia tarakimu kwa Wasapu jioni hiyohiyo, na namshukuru, maana mwalimu mwingine angeniona msumbufu.

Wastani wa mkondo, Hisabati: 29, 37, 33, 28, 37, 34.

Wastani wa mkondo, Kiswahili: 60, 61, 62, 59, 63, 61.

Ona kwanza jinsi Hisabati ya darasa zima inavyopanda na kushuka. Kati ya 28 na 37 kuna alama tisa, na hizo ni za mkondo mzima, si za mtoto mmoja. Karatasi moja ilikuwa ngumu, nyingine laini. Kiswahili cha darasa karibu hakikusogea, 59 hadi 63.

Sasa toa wastani wa mkondo kwenye alama ya mtoto, mtihani kwa mtihani.

Hisabati: −5, −7, −5, −8, −5, −6. Kwa wastani yuko alama 6 chini ya darasa, na mkengeuko wa tofauti hizo ni 1.26.

Kiswahili: +12, +5, +16, +11, +17, +5. Kwa wastani yuko alama 11 juu ya darasa, na mkengeuko ni 5.18.

Hapa picha inaacha kusitasita. Kuyumba kwingi kwa Hisabati kulikuwa kwa karatasi. Karatasi ikiondolewa, mtoto amesimama palepale, chini kidogo ya wenzake, kila mara. Kwa Kiswahili karatasi haikuwa na lawama kubwa, kwa hiyo kuyumba kulikobaki ni kwake mwenyewe. Rudia kile kipimo cha uwiano: 26.8 kwa 1.6 ni karibu 16.8, mbali kupita 7.15.

"Napata zilezile tu." Ndivyo alivyosema.

Na jaribu, kwa udadisi tu, kukokotoa mgawo wa mtawanyiko kwa tofauti hizi. Hisabati: 1.26 kwa −6, sawa na asilimia −21. Kuyumba hasi ni nini? Mtoto aliye sawa kabisa na wastani wa darasa angekuwa na wastani wa sifuri, na kompyuta ingekwambia huwezi kugawa kwa sifuri. Mara unapohamia kwenye tofauti, mgawo hauna tena mahali pa kusimama, na mkengeuko sanifu unatosha.

Kuna mpaka wa njia hii, na mwalimu wa darasa aliugusa kabla sijausema. "Mkondo ukibadilika?" akauliza. Ni swali zuri. Wanafunzi wakihamishwa kati ya mikondo, au kundi kubwa likikosa mtihani kwa sababu ya karo, wastani wa mkondo husogea bila karatasi kubadilika. Mkondo wao umekaa na watoto walewale mwaka huu, kwa hiyo kwao imefaa. Kwa shule inayopanga mikondo upya kila muhula kwa alama, nisingeitumia bila kuchagua kwanza kundi la wanafunzi waliofanya mitihani yote na kuwatumia hao tu kama kipimo.

## Zile 66 mbili

Basi nikahama Hisabati, nikaenda kuangalia somo ambalo ripoti ilisema liko salama.

Shule yao hutunga Kiswahili kwa mtindo wa mtihani wa taifa: karatasi ya Insha alama 40, ya Lugha 80 na ya Fasihi 80, jumla 200, kisha zinageuzwa kuwa kwa mia. Mpwa wangu huhifadhi karatasi zake zote kwenye sanduku chini ya kitanda, tabia ambayo hakuirithi kwangu. Tulizitandaza sakafuni.

Lugha na Fasihi hazikuwa na kisa. Zilipanda na kushuka kwa alama chache, zile za kawaida.

Insha ndiyo iliyokuwa na mabonde mawili, mtihani wa pili na wa sita, zile 66 mbili. Katika Insha, swali la kwanza ni la lazima, alama 20, kisha mwanafunzi anachagua jingine la alama 20. Katika mitihani minne alichagua ama swali la kuendeleza au kumalizia kisa, ama la kujadili mada, akapata 13, 14, 15. Katika ile miwili alichagua methali. Visa vyake vilikuwa vizuri, kimoja hata kilinichekesha, lakini havikuafiki methali aliyopewa. Msahihishaji aliandika pambizoni: amepotoka. Na insha iliyopotoka, hata lugha yake iwe tamu namna gani, hushuka hadi kiwango cha D, alama 5 au chini yake. Yeye alipata 3 mara moja, na 4 mara ya pili.

Piga hesabu. Kushuka kutoka 14 hadi 3 ni alama 11 kati ya 200. Kwa mia, ni 5.5. Ongeza 5.5 kwenye 66 unapata 71.5, karibu sawasawa na wastani wake.

Nilipompelekea mwalimu wa Kiswahili habari hiyo nilitarajia aseme basi aache methali. Hakusema hivyo. Alisema akiacha methali anabaki na maswali mawili ya kuchagua, na siku ambayo yote mawili hayatampendeza atajuta. Afadhali aandike mbili kila wiki, na kabla ya kuanza kisa aandike kwa sentensi mbili maana ya methali na matumizi yake, kisha pande zote za methali zionekane ndani ya kisa. Mimi bado naona kwa mtihani wa karibu ni hatari, na tumeachana hapo, kila mmoja na lake.

Ripoti ya muhula huu imebadilika kidogo. Mwalimu wa darasa ameondoa ule mgawo, akaweka safu mbili mahali pake: wastani wa tofauti kutoka mkondo, na mkengeuko wa tofauti hizo. Baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba sasa kuna namba zenye alama ya kutoa kwenye ripoti za watoto wao, na anafikiria kuziandika kwa maneno, "alama 6 chini ya mkondo", ili mtu asishtuke. Mgawo wa mtawanyiko ameubakiza sehemu moja tu, kwenye daftari la bohari la jiko, anakopima kilo za mahindi na maharagwe zinazotumika kila wiki.